Ngazi ya kwenye picha haifiki juu: dalili za kutazama kabla hujakata ubao

Picha ililetwa na mama mwenye nyumba mwenyewe, kwenye simu yake, karakanani kwangu Keko. Nyumba yenyewe ipo Goba, ya ghorofa moja, kuta zimeshapigwa plasta na ngazi ndiyo iliyobaki. Ilikuwa picha ya kompyuta, kazi ya kijana wa michoro. Ngazi imenyooka, inapanda kandokando ya ukuta, mbao za mninga zinang'aa, kila stepu ina kitaa cha njano chini yake, na dada mmoja mwembamba anashuka ameshika kikombe.

"Fundi, nataka hii hii," mama akasema. "Usiniongezee wala usinipunguzie."

Nikamwomba anirushie ile picha kwa Wasapu na anipe siku moja. Usiku ule ule, kabla sijafika Goba, nilishajua kwamba kuna kosa. Nilipokwenda kupima nikaona kosa lenyewe ni la sentimita 16. Ngazi ikijengwa kama ilivyochorwa, stepu zote zingekwenda vizuri mpaka ya mwisho, halafu pale juu mtu anyanyue mguu sentimita 33 na nusu, kama anapanda daladala. Naeleza hapa dalili moja moja kama nilivyozikuta, maana picha za namna hii siku hizi zinaletwa kila mara na ugonjwa wake haubadiliki sana.

Tuelewane maneno mawili tu. Kimo ni urefu wa kupanda kutoka stepu moja hadi inayofuata. Mkanyago ni mwendo wa kwenda mbele, kutoka pua ya stepu moja hadi pua ya inayofuata. Pua ni ile ncha ya ubao inayochomoza. Yangu huwa sentimita 2 na nusu.

Dalili: ukingo wa sakafu ya juu ni mwembamba kama ubao wa stepu

Hii ndiyo iliyonishtua. Nilikuwa natazama mahali ubao wa mwisho wa ngazi unapokutana na sakafu ya juu, kwa sababu hapo ndipo kazi huharibikia. Sakafu ilionekana kama mstari mweupe uliokatwa vizuri, na kitu fulani hakikukaa sawa. Nikachukua kipande cha karatasi, nikakilaza juu ya kioo cha simu, nikatia alama mbili za penseli kwenye unene wa ubao wa juu kabisa. Kisha nikaisogeza karatasi mpaka kwenye ukingo wa sakafu. Alama zikaangukia palepale. Ubao na sakafu ya ghorofa, unene mmoja.

Ubao nilioagizwa ni wa inchi mbili. Ukishapigwa randa pande zote mbili unabaki kama sentimita 4. Basi kwenye picha ile sakafu ya zege nayo ni ya sentimita 4, na sijawahi kuona slabu ya namna hiyo. Slabu ya nyumba ya kawaida ni sentimita 15 ya zege, chini ina plasta, juu ina saruji ya kusawazisha na tailizi. Jumla inakaribia sentimita 20.

Angalizo kuhusu karatasi. Kwenye picha, kilicho mbali huonekana kidogo na kilicho karibu huonekana kikubwa, kwa hiyo huwezi kulinganisha ubao wa chini kabisa na mlango ulio nyuma ukapata jibu. Linganisha vitu viwili vilivyo umbali mmoja kutoka kwa mtazamaji. Ubao wa juu na ukingo wa sakafu vilikuwa vimegusana, ndiyo maana nilithubutu.

Sababu niliipata asubuhi, nilipompigia simu kijana wa michoro.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, ile sakafu ya juu uliipa unene gani?"

Akanyamaza, nikasikia anabofya. "Pale niliweka bapa tu, mzee. Mama alitaka kuona sebule itakavyokaa na rangi ya mbao. Urefu wa kwenda juu nilipewa 276."

Sentimita 276 ni kutoka sakafu ya chini iliyomalizika hadi dari. Yeye akaongeza bapa lake la sentimita 4 akapata 280, akagawa kwa stepu 16, kila moja ikapata kimo cha 17.5. Hesabu imetulia, haina hata baki. Ila ngazi haiishii darini, inaishia juu ya slabu, na slabu ilikuwa haijaingia kwenye hesabu. Sakafu ya kweli ina sentimita 20, yeye ameweka 4. Pengo ni 16.

Simlaumu. Alichora picha ya kuchagulia rangi, na sisi ndio tuliotaka kuigeuza ramani ya kujengea. Ukitaka kujenga, omba mchoro wa mkato, yaani nyumba imepasuliwa kama papai uone unene wa kila kitu. Kama haupo, nenda kapime.

Dalili: idadi ya stepu haizai urefu wa ghorofa

Picha haikupi vipimo vya kuaminika, lakini idadi haidanganyi. Hesabu nyuso za mbele, zile zinazokutazama unapopanda, na usihesabu mbao. Hapa vijana wangu hukosea kila mara. Ngazi yenye vimo 16 ina mbao 15, kwa sababu kimo cha mwisho kinakupeleka kwenye sakafu ya juu yenyewe. Niliwahesabisha wawili kwenye picha ile, mmoja akasema 15, mwingine 16, wakaanza kubishana, na wote walikuwa sahihi.

Ukishapata idadi, unahitaji urefu wa kweli kutoka sakafu iliyomalizika hadi sakafu iliyomalizika. Goba pana milima, na nyumba zake zina visa. Hii ya mama, juu ilikuwa imeshawekwa tailizi, chini bado ni zege gumu. Nikishusha futikamba kutoka ukingo wa juu napata 299. Lakini ngazi haikanyagi hapo chini ya ukingo. Stepu ya kwanza inakaa mita nne mbele, karibu na mlango wa jikoni, na zege lile halikuwa na usawa.

Tukatumia mpira wa maji, ule mweupe unaopitisha mwanga. Kijana mmoja anashika ncha moja palipo na ukingo, mimi nashika nyingine pale stepu ya kwanza itakapokaa, maji yakitulia tunatia alama ukutani. Hakikisha hakuna kiputo cha hewa ndani ya mpira, la sivyo utapimiwa uongo na maji yako mwenyewe. Kwenye mguu wa ngazi ikatoka 301. Zege limelala sentimita 2 kuelekea jikoni.

Sasa fundi wa tailizi alikuwa ameshapiga mstari wake ukutani kuonyesha tailizi itakapofika. Kutoka zege hadi mstari, chini ya ukingo kulikuwa na sentimita 3, na kwenye mguu wa ngazi 5. Toa 3 kwenye 299, toa 5 kwenye 301, zote zinakupa 296. Zisingelingana ningejua nimekosea mahali, nirudie. Hiyo 296 ndiyo ghorofa. Picha inasema 280.

Ukiongeza stepu moja, tatizo linahamia kwingine

Fundi mwenye haraka hapa atasema, pengo ni 16, stepu moja ni 17, ongeza moja umalize. Vimo 17 kwenye 296 vinatoa 17.4 kila kimoja. Kwa kupanda ni vizuri. Lakini kuongeza kimo ni kuongeza ubao, na ubao unataka mahali pa kukaa.

Kijana alikuwa ametumia mkanyago wa 27. Mbao 16 kwa 27 ni sentimita 432. Kutoka ukingo wa slabu hadi fremu ya mlango wa jikoni nilipima 500. Inabaki 68, na mlango wenyewe, wenye upana wa 80, unafungukia upande wa ngazi. Ungegonga stepu ya kwanza. Kwenye picha mlango umefungwa, na milango ya kwenye picha haifunguliwi na mtu, kwa hiyo kosa hili halionekani mpaka ulitafute. Chora kwa chaki sakafuni nusu duara ya mlango na mstari wa stepu ya kwanza. Vikikatana, umeshaliona.

Upande wa pili ni kichwa. Kila slabu inapotobolewa kupitisha ngazi, kuna ukingo mmoja unaoning'inia juu ya mtu anayepanda. Kutoka pua ya stepu kwenda juu wima hadi ukingo huo nataka angalau mita 2. Tundu la nyumba hii lina urefu wa sentimita 330 kutoka pale ngazi inapofikia. Kwa kimo cha 17.4 na mkanyago wa 27, ukirudi nyuma 330 unakuwa umeshuka 213. Toa 20 za unene wa slabu, toa karibu 2 kwa sababu ya pua, unabaki na 191. Mtu mrefu anakwaruza kichwa. Na hata asiyekuwa mrefu, siku ya kupandisha kabati mtakumbuka jina la fundi.

Kwenye picha dada yule anashuka bila wasiwasi, nafasi juu yake ni kubwa. Ni kweli ni kubwa, kwa sababu slabu iliyo juu yake ni ya sentimita 4. Kosa lile lile moja limeficha mawili. Watu wa kwenye picha hizi nao usiwaamini, hawabebi ndoo wala godoro, na urefu wao anaupanga aliyewaweka.

Nilichofanya

Kuna njia mbili zilizokuwa wazi, na kusema kweli zote zinajengeka.

Ya kwanza ni kubaki na vimo 16 kama picha na kupandisha kila kimoja hadi 18.5. Ubao hauongezeki, mlango uko salama, kichwa kinapata mita 2 na sentimita 4 hivi. Wengi wangefanya hivyo na wasilaumiwe. Mimi niliikataa kwa sababu mama anaishi na mama yake, bibi mwenye magoti mabovu, na chumba cha bibi kipo juu. Sentimita moja kwa stepu unaiona ndogo ukiwa umesimama. Bibi anaihesabu kila akipanda.

Ya pili, niliyoichukua, ni vimo 17 vya 17.4, na mkanyago upunguzwe kutoka 27 hadi 25.5. Kuna kanuni ya zamani ya Mfaransa mmoja wa karne ya 17, François Blondel, ambayo mafundi wengi tunaitumia bila kujua jina lake. Chukua kimo mara mbili, jumlisha na mkanyago, jibu likae kati ya 60 na 64, ndio mwendo wa kawaida wa mguu wa mtu. Kimo cha 17.4 mara mbili ni 34.8, jumlisha 25.5, unapata 60.3. Imeingia, ingawa kwa upande wa chini. Ningeshuka zaidi ya hapo mguu ungeanza kujibana. Ubao wenyewe niliukata 28 kwa upana, 25.5 za mkanyago na 2.5 za pua, hivyo unyayo una pa kutua.

Mbao 16 kwa 25.5 ni 408. Kwenye 500 inabaki 92, mlango wa 80 unafunguka na kupita. Kichwani, ngazi imesimama zaidi kidogo, kwa hiyo ukirudi nyuma 330 unakuwa umeshuka 225. Toa 20, toa 2, unabaki na 203. Kupunguza sentimita moja na nusu kwenye mkanyago kumetibu mlango na kichwa kwa pamoja. Pangekuwa na boriti ya zege inayoning'inia chini ya ukingo ule, hesabu hii ingekataa, na ningemwambia mama tutafute ngazi ya kukunja kona.

Dalili zinazojitokeza baada ya kujenga

Hizi picha haina hatia nazo, ila zinatoka hapo hapo kwenye kudharau unene wa vitu.

Stepu ya kwanza fupi kuliko zingine, tailizi zikishawekwa. Sababu ni kwamba ngazi ilisimamishwa juu ya zege kabla sakafu haijapanda. Kwa nyumba hii ingetoka 17.4 kasoro 5, yaani 12.4, na mguu uliozoea 17 ungepiga hewa kila siku. Kwa hiyo kutoka zege hadi juu ya ubao wa kwanza niliacha 22.4, na stringa, yaani zile mbao mbili nene za pembeni zilizokatwa meno ya kubeba stepu, zikakalia vipande vya mkongo vya sentimita 5. Kijana aliyekuja kuona akadhani nimekosea. Nikamwonyesha mstari wa fundi wa tailizi.

Stepu ya kwanza ndefu na ya mwisho fupi kwa kiasi kile kile. Hapo stringa zilikatwa meno sawasawa lakini mguu wake haukupunguzwa. Ukilaza ubao wa sentimita 4 juu ya kila jino, la kwanza linapanda kwa 4, na la mwisho, linalopanda kwenda kwenye tailizi ambayo haijaongezwa kitu, linapungukiwa 4. Dawa ni kukata sentimita 4 chini ya stringa kabla ya kuisimamisha. Jino la kwanza likae 13.4 juu ya sakafu iliyomalizika. Ubao ukija unatimiza 17.4.

Stepu zote zinaonekana sawa lakini ya juu ina kasoro ya sentimita moja au zaidi. Hii ni ya futikamba na kukadiria. 296 kugawa kwa 17 ni 17.41 na mkia wake. Fundi akiona mkia anaandika 17 na nusu, anapima stepu baada ya stepu, na mara 17 inakuwa 297 na nusu. Sentimita moja na nusu zimezaliwa hewani. Mimi sipimi stepu moja moja. Nachukua kipande cha paina kilichonyooka cha mita tatu, nakiita fimbo, nakata urefu wa 296 kamili, kisha naigawa sehemu 17 kwa bikari. Natembeza bikari kutoka chini hadi juu kwa alama nyepesi. Ikizidi mwishoni naibana kidogo, ikipungua naifungua, mpaka hatua ya 17 idondoke kwenye ncha ya fimbo. Mara ya nne au ya tano hukubali. Ndipo nakaza penseli.

Fimbo ile tuliisimamisha Goba, mguu wake kwenye mstari wa tailizi, na kwa mpira wa maji tukaona alama ya 17 imelingana na tailizi ya juu. Kijana wa michoro alikuja siku hiyo, akaipiga picha fimbo, akarudi nyumbani kusahihisha ya kwake. Usiku akanirushia mpya. Nikahesabu nyuso za mbele, 17. Nikatoa karatasi, nikaweka alama zangu kwenye ubao, nikaisogeza kwenye slabu. Slabu ilikuwa nene mara tano.

Nikampigia mama kumweleza kwamba stepu zimeongezeka moja, kila ubao umepungua kidogo, na ngazi itasogea sentimita tatu kuelekea jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na zile taa za njano, fundi?"

"Zipo mama. Itabidi ununue moja zaidi."